Vipande vya Dakika Kumi

Neno kibarua halikuanza kama mtu. Lilianza kama karatasi: barua ndogo, hati aliyopewa mtu wa kutwa ili aionyeshe na kudai ujira wake. Baadaye karatasi ikammeza aliyeishika, naye mwenyewe akaitwa kibarua, na leo mtu akifukuzwa kazi tunasema kibarua chake kimeota nyasi bila kukumbuka kwamba kilichoota nyasi zamani kilikuwa cheti.

Kipande nacho kina historia kama hiyo. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, unatiwa alama. Usipoimaliza hutiwi, hata kama jua limekuchoma kutoka alfajiri. Kadi ikijaa ndipo unalipwa, na ikichukua siku 40 au 50 kujaa, hiyo ni shauri yako. Kule Kenya kipande kilikuwa kitu kingine kidogo, cheti ambacho kuanzia 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nacho, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kibati, na ndani yake mwajiri aliandika mtu ameanza lini na ameacha lini. Kila nikisoma habari hizi najiuliza kitu kimoja: yule aliyekatwa siku kwa kukosa mafungu machache ya mkonge, alikuwa na njia gani ya kueleza kwamba asubuhi ile alikuwa ananoa panga?

Mimi pia nina kipande changu. Changu ni cha dakika kumi.

Ninatafsiri kwa ujira wa saa. Hojaji za utafiti, fomu za ridhaa hospitalini, maelezo ya dawa. Nimepanga meza moja katika chumba cha watu sita, ghorofa ya tatu hapa Posta, mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa uliojengwa 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Wateja wangu wako mbali na wengi sijawahi kusikia sauti zao. Wananijua kwa jina, kwa kazi ninayowarudishia, na kwa picha za skrini yangu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufanya kazi ya namna hii, nieleze jinsi inavyokwenda. Nitatumia Upwork kwa kuwa ndiyo ninayoijua vizuri na ndiyo vijana wengi hapa mjini wanaanzia. Mizizi yake ni kampuni iliyoitwa oDesk, iliyoanzishwa 2003 na marafiki wawili Wagiriki, Odysseas Tsatalos na Stratis Karamanlakis. Mmoja alikuwa Marekani, mwingine Ugiriki, wakataka kufanya kazi pamoja, na swali likawa lile lile la shamba la mkonge: aliye mbali atajulikanaje kama anafanya kazi? Jibu lao limebaki mpaka leo. Unaweka programu kwenye kompyuta yako. Ukianza kazi unaiwasha na kuandika memo, yaani sentensi fupi ya kusema unafanya nini. Kuanzia hapo saa yako inakatwa vipande sita vya dakika kumi kumi. Katika kila kipande programu inapiga skrinshoti moja, kwa wakati usioujua, na inahesabu umebonyeza kibodi mara ngapi, umebofya kipanya mara ngapi na umesogeza ukurasa mara ngapi. Haiandiki umebonyeza herufi gani. Inahesabu tu, kisha hesabu hiyo inageuzwa kuwa kiwango cha shughuli ambacho mteja anakiona pembeni ya picha, katika ukurasa unaoitwa Work Diary.

Angalia basi kinachopimwa. Ni mikono. Mtu anayechapa upuuzi kwa kasi ana kiwango kikubwa kuliko anayesoma mkataba kwa makini. Sisemi hivi kwa uchungu. Chombo kinapima kinachoweza kupimwa, kama mizani ya sokoni isivyojua kama nyanya ni tamu. Ubaya unakuja pale mtu anapodhani amepimiwa utamu.

Malipo yake yana kalenda yake, na kalenda hiyo imeandikwa kwa saa za UTC ambazo ziko saa tatu nyuma yetu. Wiki ya kazi inafungwa Jumapili saa sita usiku ya kwao, ambayo hapa ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Baada ya hapo unapewa muda wa kukagua vipande vyako na kufuta usivyovitaka, mpaka Jumatatu saa sita mchana ya kwao, hapa saa tisa alasiri. Kisha mteja naye anapewa muda wa kukagua na kupinga, mpaka mwisho wa Ijumaa, yaani saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Tisa, tisa, tisa. Binti anayekaa meza ya dirishani, ambaye anafanya kazi za kuingiza takwimu, husema sisi ni watu wa saa tisa.

Wengi huipuuza ile nafasi ya kukagua ya Jumatatu, na mimi naona ndiyo muhimu kuliko zote. Nitaeleza kwa wiki moja ya kweli.

Mkataba ulikuwa wa dola 9 kwa saa, kikomo saa 25 kwa wiki. Kazi ilikuwa hojaji ya afya ya akili ya kurasa 40, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, itakayosomwa kwa sauti kwa watu wa vijijini. Jumapili usiku nilipoketi kukagua, programu ilionyesha vipande 144, saa 24 kamili. Nikavipitia kimoja kimoja. Watu hudhani ukaguzi huu ni wa kutafuta picha za aibu. Kwangu ni wa kutafuta muda ambao sikuwa kazini. Vitatu vilikuwa vya simu ya shangazi kuhusu mchango wa harusi. Nilikuwa mezani, faili liko wazi mbele yangu, lakini akili ilikuwa kwenye kamati. Viwili umeme ulikatika, laptopu ikaendelea kwa betri na programu ikaendelea kuhesabu, huku sisi wote sita tumesimama ngazini tukimsubiri fundi wa jenereta. Viwili niliteremka chini kunywa chai na mazungumzo yakanoga. Jumla saba. Nikavifuta.

Kipande hakikatwi nusu. Ukifuta picha, dakika kumi zote zinaondoka kwenye malipo. Kwa hiyo kuna hukumu ndogo ndogo za kufanya: kipande ambacho dakika sita nilikuwa kazini na nne niko maliwatoni, je? Hicho nakiacha. Hata mtu aliyeajiriwa ofisini kwa mshahara wa mwezi hakatwi kwa kwenda msalani, na mteja anayenunua saa ya binadamu ananunua pamoja na kibofu chake. Kipimo changu ni rahisi. Najiuliza: kama mteja angekuwa amesimama nyuma ya kiti changu dakika ile akauliza unanifanyia nini, ningekuwa na jibu la kweli? Kama ninalo, kipande kinabaki hata kama hakuna herufi moja niliyochapa. Kama sina, kinafutwa hata kama kiwango cha shughuli kimejaa mpaka juu.

Vikabaki vipande 137, saa 22 na dakika 50, dola 205 na senti 50. Nikalala.

Jumatano mteja akaandika. Aliyeandika alikuwa mratibu wa shirika la nchi ya mbali, mtu wa adabu, akasema amepitia Work Diary na ameona vipande 28 vyenye shughuli ndogo sana, vingine sifuri, na angependa nirudishe malipo yake. Vipande 28 ni saa 4 na dakika 40. Kwa dola 9 ni dola 42. Kwangu hizo si senti za kuokota. Ni zaidi ya nusu ya kodi ya meza yangu ya mwezi.

Nieleze hapa kuhusu ulinzi, maana vijana wengi wanaingia wakiamini kwamba ukiwasha programu umelindwa. Upwork ina ulinzi wa malipo ya saa, lakini una masharti. Muda uwe umehesabiwa na programu, si kuandikwa kwa mkono baadaye. Memo ziwepo. Skrinshoti zionyeshe kazi ya mkataba ule. Usivuke kikomo cha wiki. Na kiwango cha shughuli kiwe cha kuridhisha. Mteja akipinga rasmi, anayeangalia hahukumu kama tafsiri ni nzuri au mbaya. Anaangalia kama masharti yametimia. Maana yake ni kwamba nikifika huko na vipande vyenye sifuri, ubora wa sentensi zangu hautanisaidia kitu. Wakati huohuo mteja alikuwa na mpaka Ijumaa tu. Sote wawili tulikuwa na sababu ya kumalizana kabla ya hapo.

Nilifungua vile vipande 28 na kuvipanga kwa kilichokuwa kinatokea. Vikajigawa makundi matatu.

Kundi la kwanza, vipande 13, nilikuwa nasoma hojaji nzima kabla ya kutafsiri hata neno. Hakuna mtafsiri mwenye akili anayeanza swali la kwanza kabla hajajua la mwisho linauliza nini. Neno ulilochagua ukurasa wa 2 linaweza kukunyonga ukurasa wa 31. Shughuli ilikuwa ndogo, lakini picha zilisema: ya kwanza ukurasa wa 3, inayofuata wa 5, inayofuata wa 9. Mtu anayesoma huacha nyayo, na ukiziweka picha kwa mstari unaziona.

Kundi la pili, vipande 6, nilikuwa nasikiliza rekodi za majaribio, watu kama kumi waliosomewa rasimu ya awali wakijibu. Kibodi imelala, lakini kwenye picha kuna kicheza sauti na dakika zake zinasonga.

Kundi la tatu ndilo lilikuwa na shida. Vipande 9, saa moja na nusu, dola 13 na senti 50. Picha zote tisa zilifanana kama watoto pacha. Ukurasa uleule, kishale cha kipanya palepale, mara tatu mfululizo, asubuhi tatu tofauti.

Kilichokuwa kinatokea ni sentensi moja na ndugu zake wawili. Swali linamuuliza mtu kama katika wiki mbili zilizopita amekuwa akijisikia, tuseme, chini. Kwa Kiingereza neno ni dogo na jepesi, mtu yeyote analisema. Kwa Kiswahili, kujisikia chini si kitu. Mzee wa Handeni atauliza chini ya nini. Huzuni? Huzuni ina sababu, mtu anahuzunika kwa msiba. Ukimuuliza kama ana huzuni atafikiria nani amekufa, akikosa atajibu hapana, na utafiti mzima utasema watu wa kijiji kile hawana tatizo. Kukosa raha? Kwa Pwani, mtu aliyekosa raha anaweza kuwa amegombana na jirani. Unyonge? Karibu, lakini unyonge ni wa mwili pia, mwenye malaria ni mnyonge. Nilimpigia rafiki yangu muuguzi, nikamuuliza wagonjwa wake husemaje wenyewe kabla daktari hajawapa neno. Akanyamaza, akasema, "Wanasema moyo mzito. Au wanasema tu nimechoka, halafu ukiwauliza mmechoka na nini, hawajui."

Haya yote niliyaandika kwenye daftari, kwa kalamu. Ndivyo ninavyofikiri. Kalamu haina waya unaokwenda kwa mteja.

Nikamjibu yule mratibu siku ileile. Sikulalamika juu ya faragha wala juu ya ubaya wa programu, na nasisitiza hili kwa sababu nimeona wengine wakipoteza haki yao kwa kuanza na hotuba. Nilimpa jedwali la mistari 28: tarehe, saa kwa UTC ili asihangaike, kilichoonekana kwenye picha, kilichofanyika, na matokeo yake yako ukurasa gani wa kazi niliyomkabidhi. Nikamwambia pia kwamba Jumapili nilikuwa nimeshafuta vipande saba, ambavyo vitatu kati yake vilikuwa na shughuli ya kutosha na asingevishuku kamwe. Kwa vile tisa, nikapiga picha kurasa mbili za daftari, na matoleo matano yaliyofutwa kwa mistari, nikaeleza kila moja lilikataliwa kwa nini.

Alhamisi akajibu. Vile 19 amevikubali. Vile tisa bado anaona ni vigumu kwake kuvieleza kwa mhasibu wake, kwa sababu daftari si sehemu ya Work Diary.

Hapo alikuwa na hoja. Daftari langu ningeweza kuliandika baadaye, nikiwa nimejifunika shuka. Skrinshoti angalau haitungwi na mimi. Lakini nikakataa kurudisha. Nilimwandikia kwamba saa ile moja na nusu ndiyo kazi aliyoniajiri niifanye, zilizobaki ni uchapaji. Kwamba ana haki ya kupinga rasmi mpaka Ijumaa, na kwa mtu wa kuangalia shughuli peke yake huenda akashinda. Ila mimi sitatia mkono wangu kwenye maelezo kwamba sikuwa kazini, kwa kuwa nilikuwapo.

Hakupinga. Saa tisa ya usiku ule ikapita, malipo yakapita yote. Wiki iliyofuata kikomo cha mkataba kilishushwa kutoka saa 25 hadi 10, bila maelezo. Mwezi uliofuata mkataba ukafungwa kazi ilipoisha, kwa nyota tano na shukrani. Nadhani kila upande ulipata ulichostahili, ingawa zile saa 15 zilizopungua kila wiki nilizihisi.

Kuna njia nyingine, na ni ya bei rahisi. Kijana mmoja Kariakoo, kwenye moja ya vile vibanda vya vifaa vya kompyuta ambako ukisimama sekunde mbili umeshaitwa bosi mara nne, aliniuliza ninatumia kompyuta kwa kazi gani. Nilipomweleza akachangamka. "Bosi, kuna kidude hiki, unachomeka tu, kipanya kinatembea chenyewe. We unalala, dola zinaingia." Nikamuuliza kama kinabofya. Hakujua. Kwa programu niliyoeleza, kutembea kwa kishale peke yake si shughuli. Kinachohesabiwa ni kubofya, kubonyeza na kusogeza ukurasa. Wapo wanaotumia programu za kubonyeza vitufe vyenyewe, na hapo hesabu inapanda kweli. Lakini tazama kinachotokea kwenye diary: kiwango cha shughuli kimejaa, na picha sita za saa nzima hazijabadilika hata nukta. Au hesabu ya vitufe inalingana mno, kila kipande kama mapacha wa hospitali moja. Binadamu hafanyi kazi hivyo. Anachapa sana, ananyamaza, anarudi. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi kwa kuigiza shughuli za kibodi, na hao walikuwa waajiriwa wa mshahara, si watu wa vipande.

Mimi sikununua, na si kwa utakatifu. Kile kidude kingenifanya nikubali kwamba mteja ananunua mtikisiko wa kipanya. Siku ambayo mteja atauliza kuhusu vipande tisa vya daftari, sitakuwa na pa kusimama, kwa kuwa hata vile vingine 128 vitakuwa vya uongo.

Kwa kazi za kufikiri kwa muda mrefu sasa nina utaratibu, na huwa nauandika kwenye ujumbe wa kwanza kabla mkataba haujaanza. Nasema: usomaji wa awali nitauhesabu kwa programu, memo yake itasema "kusoma, bila kuchapa", na shughuli itakuwa ndogo, ukiona haifai, tukubaliane bei moja ya usomaji. Kazi ya daftari mbali na kompyuta, kama nikienda Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi kutafuta istilahi, nitaiandika kama muda wa mkono, saa mbili kwa wiki zisizidi, nikijua kwamba muda wa mkono hauna ulinzi wowote na mteja akigoma kuulipa sina pa kwenda. Wengine wakisoma ujumbe huo hawarudi tena. Wanaorudi hatujawahi kugombana.

Nimeacha faragha mwishoni kwa sababu ndiyo inayozungumzwa sana na kueleweka kidogo. Watu hulalamika kwamba wanachunguzwa. Sawa, lakini kwenye mkataba wa saa wameshakubali kuchunguzwa, ndiyo biashara yenyewe. Wasiokubali ni wengine: waliomo ndani ya picha bila kujua. Dada aliyetuma ujumbe wa WhatsApp ukaibuka pembeni ya skrini. Mteja wa pili ambaye fomu yake ya siri iko wazi wakati skrinshoti inapigwa kwa ajili ya mteja wa kwanza. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya za mtu kuwa taarifa nyeti, na ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Sidhani walioitunga walikuwa wanatufikiria sisi wa Posta wenye laptopu moja na wateja watatu, lakini kila dakika kumi tunapeleka picha nje ya nchi, na kilichomo ndani ya picha kinakwenda pamoja nayo.

Dawa ninayotumia haina gharama. Nimefungua akaunti ya pili ndani ya laptopu hiyohiyo, ya kazi za saa peke yake. Humo hamna WhatsApp, hamna barua pepe yangu, hamna picha ya familia nyuma ya skrini. Nikitaka kuongea na watu nazima programu, natoka, naingia upande wa pili. Ni usumbufu, na mara ya kwanza unajiona kama mtu anayevua viatu mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe.

Binti wa dirishani aliona ni mbwembwe. Wiki mbili zilizopita akaniita, "Kaka, njoo uone." Kwenye Work Diary yake, kipande cha saa tano asubuhi, kazi ya takwimu imejaa vizuri, shughuli iko juu, na kwenye kona ya chini ujumbe wa mama yake kutoka Tabora ukieleza majibu ya vipimo, neno kwa neno, na ugonjwa wenyewe umetajwa. Mteja alikuwa hajafungua bado. Analipwa dola 6 kwa saa.

"Nikifuta si wanakata?"

"Wanakata. Dola moja."

"Na nilikuwa nafanya kazi kweli."

"Ulikuwa unafanya kazi kweli."

Aliitazama ile picha kwa muda. Kisha akaniomba niondoke mezani, maana nami nilikuwa nausoma.